Alama 3.44 za dada wa Kondoa: nilivyoiharibu karatasi ya tathmini nikiwa na nia njema

Alifika ofisini kwetu Kizota saa nne asubuhi, kabla sijamaliza chai. Alikuwa ametoka Kondoa na basi, kilomita kama 160, na mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye barua niliyomwandikia mimi mwenyewe wiki moja kabla. Hakupiga kelele. Alisalimia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa simu na kufungua kikokotoo.

"Kaka, sijaja kugombana. Nataka tu unionyeshe hii 3.44 imetoka wapi."

Mimi ni afisa utumishi wa kampuni inayonunua na kukamua alizeti, na Januari ile tulikuwa watu 41: kiwandani hapa Dodoma, na kwenye vituo vya kununulia vya Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Yeye ni afisa ununuzi wa Kondoa. Barua ilisema utendaji wake uko daraja la Wastani, kwa hiyo nyongeza yake ya mshahara ni asilimia 3. Angepata daraja la Nzuri ingekuwa asilimia 6. Kwa mshahara wake wa 720,000, tofauti ni shilingi 21,600 kila mwezi. Kondoa hiyo si hela ya kudharau, na hata hapa mjini si ya kudharau.

Nikafungua kompyuta kwa kujiamini kabisa. Karatasi ile niliitengeneza mwenyewe kwenye Excel kwa siku nne, na nilikuwa naionea fahari. Baada ya dakika ishirini nilikuwa natamani ardhi inimeze.

Niieleze kwanza ilivyokuwa. Kila mtumishi alikuwa na malengo matano, kila lengo na uzito wake, na uzito wote pamoja unafika asilimia 100. Msimamizi anatoa alama 1 hadi 5 kwa kila lengo, na mtumishi naye anajipima kwa alama hizohizo. Alama za msimamizi zinabeba asilimia 80 ya jumla, za kujipima asilimia 20. Mgawanyo huo sikuuwaza mwenyewe. Niliuchukua kwenye fomu ya rafiki yangu anayefanya kazi Dar es Salaam, na bosi akaupenda kwa sababu wafanyakazi "wanashirikishwa". Jumla ikipatikana, inatafutiwa daraja: chini ya 1.50 ni Hafifu, kuanzia 1.50 ni Chini ya wastani, kuanzia 2.50 Wastani, kuanzia 3.50 Nzuri, na kuanzia 4.50 Bora.

Fomula yangu ilikuwa hii, uzito ukiwa safu ya C, msimamizi D, mtumishi E:

```
=0.8*SUMPRODUCT(C5:C9,D5:D9)+0.2*SUMPRODUCT(C5:C9,E5:E9)
```

Dada akaanza kusoma alama zake, mimi nikizifuata kwenye kioo. Kilo zilizonunuliwa, uzito asilimia 35, msimamizi kampa 4. Ubora wa mbegu, yaani unyevu na uchafu, asilimia 20, kapata 4. Kumbukumbu za stoo na fedha, asilimia 20, kapata 3. Usimamizi wa mawakala, asilimia 15, kapata 4. Mafunzo kwa wakulima, asilimia 10, kisanduku kitupu. Yeye mwenyewe alijipa 4 kwenye minne ya kwanza, na mafunzo akaacha wazi kama bosi wake.

"Hayo mafunzo mbona hamkujaza?"

"Tungejaza nini? Hela ya mafunzo haikuja. Hamkuileta nyinyi hapa makao makuu."

Hapo ndipo nilipoona. SUMPRODUCT haijui kwamba kisanduku kitupu maana yake ni "kazi hii haikuwepo". Inakizidisha kama sifuri na kuendelea na safari. Alama za msimamizi zilijumlishwa zikawa 3.40, lakini zilitokana na asilimia 90 tu ya uzito. Zake za kujipima zikawa 3.60, nazo kutoka asilimia 90 ileile. Asilimia 80 ya 3.40 ni 2.72, asilimia 20 ya 3.60 ni 0.72, jumla 3.44. Kwa maneno mengine, tulimpa sifuri, alama ambayo hata haimo kwenye kipimo chetu cha 1 hadi 5, kwa kazi ambayo sisi wenyewe ndio tulioizuia.

Hesabu halali ilikuwa kugawanya kila jumla kwa uzito uliotumika kweli. 3.40 ukigawa kwa 0.90 unapata 3.78. 3.60 ukigawa kwa 0.90 unapata 4.00. Ukichanganya 80 kwa 20 inakuja 3.82, ambayo ni Nzuri, bila ubishi. Dada akaandika 3.82 nyuma ya bahasha yake, akaipigia mstari, akaniuliza kama na wenzake wa Kondoa nao waje na basi au nitawatafuta mwenyewe.

Nikamwambia nitawatafuta. Alipoondoka nilifunga mlango. Barua 41 zilikuwa zimeshatoka, zote zina sahihi ya meneja mkuu, na kila moja ilitoka kwenye fomula ileile.

Siku mbili zilizofuata nilipitia mstari mmoja mmoja. La kwanza kuonekana lilikuwa madereva na wapakiaji. Fomu za kujipima nilizituma kwa barua pepe. Watu tisa hawana barua pepe ya kazi, kwa hiyo safu yao ya kujipima ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini. Dereva aliyepewa 4 kila mstari na msimamizi wake alitoka na 3.20, yaani Wastani. Nikajiuliza: je, angepewa 5 kila mstari? Jibu ni 4.00. Nilikuwa nimetengeneza karatasi ambayo dereva hawezi kuwa Bora hata afanye nini, kwa sababu tu hana barua pepe. Na hakuna aliyelalamika. Hilo liliniuma kuliko safari ya dada wa Kondoa, kwa sababu wale walizipokea barua, wakashukuru, wakarudi kazini.

Kosa la pili lilikuwa Kongwa, na hili si la fomula.

Nilipoweka safu mpya ya tofauti kati ya alama za mtumishi na za msimamizi, vituo vingine vilionyesha tofauti za kawaida, 0 au 1, mara chache 2. Kongwa ilikuwa vituko. Mtunza stoo alijipima wastani wa 4.60 na bosi wake kampa 1.30. Karani naye hivyohivyo. Lakini mlinzi, ambaye kila anayepita Kongwa anajua anavyolala, alijipa 3.00 na bosi kampa 4.60. Ukiona waliojipandisha wote wameshushwa chini kabisa, na aliyejishusha kapandishwa, usikimbilie kusema meneja ana chuki. Angalia kwanza kama anasoma kipimo kwa upande uleule unaosoma wewe.

Meneja wa Kongwa ni mzee aliyestaafu utumishi wa umma. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, habari za Dodoma?"

Nikamwuliza kwa upole: moja kwake ni nzuri au mbaya? Akacheka. "Moja si ndiyo ya juu? Miaka yote kwenye OPRAS moja ndiyo bora, tano ndiyo mbovu kabisa."

Alikuwa sahihi. OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ulioingia serikalini mwaka 2004, ulitumia 1 kwa utendaji wa juu kabisa na 5 kwa wa chini kabisa. Serikali imeshahamia PEPMIS, lakini mzee aliyejaza fomu zile miaka na miaka haachi mkono wake nyumbani. Fomu yangu ilisema "toa alama 1 hadi 5" na haikusema popote ipi ni ya juu. Mji huu umejaa watu waliopitia serikalini, na mimi sikuwaza hilo hata kidogo.

Matokeo yake: mtunza stoo bora wa Kongwa alipata 1.96, na barua yake ilikuwa na aya ya kumtaka ajieleze. Alama zake zikigeuzwa, 1.30 ya msimamizi inakuwa 4.70, jumla inafika 4.68, daraja Bora. Mlinzi alikuwa na 4.28 na nyongeza ya asilimia 6 mkononi. Stahili yake ilikuwa 1.72.

Kishawishi kilikuwa kugeuza mwenyewe. Ni rahisi, unatoa kila alama kwenye 6 na umemaliza. Namshukuru meneja mkuu aliyenikataza. Alisema zile si alama zangu, na kama kuna hata mstari mmoja ambao mzee aliujaza kwa kipimo chetu, nitauharibu tena. Nikaenda Kongwa na fomu mpya, kila alama ikiwa na maneno yake pembeni, kuanzia "1: hakufikia hata nusu ya lengo" mpaka "5: alivuka lengo na ushahidi upo". Mzee akajaza upya mbele yangu na kusaini. Kweli, mistari miwili kwa karani alikuwa ameijaza kwa kipimo chetu, baada ya mtu wa Mpwapwa kumweleza kwenye simu, kisha akasahau kurudi juu kusahihisha. Ningeigeuza hiyo, ningemwumiza karani kwa mara ya pili.

Barua ya kujieleza ya mtunza stoo ilinitisha kwa sababu nyingine. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007, ukitaka kumchukulia mtu hatua kwa utendaji hafifu unatakiwa uonyeshe kiwango alichotakiwa kufikia, kwamba alikijua, na kwamba alipewa nafasi ya kujirekebisha. Jambo hilo lingefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ningesimama pale na karatasi ambayo kipimo chake hakikuandikwa. Barua tuliifuta kwa barua nyingine, nami nikaomba radhi ana kwa ana.

Baada ya kurekebisha yote, watu 14 walibadilika daraja. Kumi na watatu walipanda, mmoja, yaani mlinzi, alitakiwa kushuka. Tulimwachia. Kampuni ilikuwa imeshamwahidi kwa maandishi, na meneja mkuu alisema kosa la ofisi halilipwi na mlinzi. Wenzake wa Kongwa walijua, na maneno hayakukosekana. Malimbikizo ya wale 13 kwa miezi miwili yalifika kama laki sita na nusu. Mimi sikukatwa kitu, ila nilipewa barua ya onyo, na niliiona ya haki.

Mpaka hapo nilidhani kilichobaki ni kurekebisha fomula. Fomula ya mwaka uliofuata ndiyo hii, na bado tunaitumia:

```
=IF(COUNTBLANK(D5:D9)>0,"HAIJAKAMILIKA",
ROUND(SUMPRODUCT(C5:C9,D5:D9)/SUMIF(D5:D9,">0",C5:C9),2))
```

Kisanduku kikiwa kitupu, haitoi alama kabisa. Kama lengo halikuwezekana, msimamizi anaandika HH, haihusiki, na sababu yake pembeni. SUMIF inachukua uzito wa mistari yenye alama tu, hivyo mtu anapimwa kwa kazi aliyokuwa nayo. Tahadhari moja: kugawanya namna hii kunafungua mlango wa ujanja, kwa maana meneja anayempenda mtu anaweza kuandika HH kwenye lengo lililomshinda. Kwetu HH zikizidi uzito wa asilimia 30, fomu inarudi kwa meneja mkuu.

Ile ROUND nayo ina kisa chake, kifupi. Mhasibu mmoja barua yake ilisomeka 3.50 na daraja Wastani, wakati barua hiyohiyo inasema Nzuri inaanzia 3.50. Ndani ya kompyuta alikuwa na 3.496. Kioo kiliizungusha ikasomeka 3.50, utafutaji wa daraja haukuizungusha. Zungusha kwanza, ndipo utafute daraja, na liandikwe kwenye utaratibu wenu kabla mtu hajaona alama yake.

Lakini sasa angalia fomula ile tena. Safu ya E, ya kujipima, haimo. Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, na hakuna kosa la hesabu ndani yake.

Wakati wa kupitia alama nilikutana na waendesha mashine wawili wa zamu moja kiwandani. Msimamizi wao aliwapa alama zinazolingana, 3.40 kila mmoja. Mmoja ni mtu wa kujikosoa, alijipa 3 kila mstari. Mwenzake alijipa 5 kila mstari, na ukimwuliza anakwambia nani atamsifia kama si yeye. Wa kwanza alitoka na 3.32, Wastani. Wa pili 3.72, Nzuri. Fomula ilikuwa sahihi, visanduku vyote vimejaa, kipimo kimeeleweka. Tofauti pekee ni kwamba mmoja alisema ukweli, na ukweli ulimgharimu asilimia 3 ya mshahara. Ukiweka hela kwenye alama ambayo mtu anajipa mwenyewe, mwaka wa kwanza utapata wakweli wachache, mwaka wa pili hutapata hata mmoja. Tayari nilikuwa nimesikia kiwandani wakiambiana: mwakani ni tano tupu.

Nilifikiria kupunguza uzito wa kujipima kutoka 20 hadi 10. Haisaidii, inapunguza tu bei ya uongo. Aliyetoa jibu ni mzee wa Kongwa, tena kwa kupitia tu, tukinywa chai siku ile ya kujaza upya. "Kule kwetu kulikuwa na safu ya tatu. Mtumishi anaweka yake, msimamizi yake, halafu mnakaa, mnaweka ya makubaliano."

Kwa hiyo sasa D ni alama ya makubaliano, na ndiyo pekee inayoingia kwenye hesabu. Alama ya mtumishi na ya kwanza ya msimamizi ziko pembeni, zinaonekana, hazihesabiwi. Zikipishana kwa 2 au zaidi, kisanduku kinageuka chungwa na lazima iandikwe mifano ya kazi, tarehe na kitu kilichotokea, kabla ya kukubaliana. Wasipokubaliana, anaamua bosi wa msimamizi na kuandika sababu. Madereva na wapakiaji wanajipima kwa mdomo, msimamizi anaandika mbele yao, nao wanasaini.

Sitadanganya kwamba ni nafuu. Kikao kimoja kinachukua robo tatu ya saa, na kituo chenye watu kumi kinapoteza siku mbili. Wapo mameneja wanaokubaliana na kila kitu ili wasigombane, alama zote zinaishia 4. Karatasi haiwezi kuliona hilo, na mimi sijaribu kulirekebisha kwa hesabu, maana kituo cha watu sita kikiwa na wastani wa juu huenda kweli kina watu wazuri. Tunawaweka mameneja meza moja, kila mmoja anasoma sababu za waliopata Bora, wenzake wanamhoji. Kuna kelele. Mwaka jana mmoja alishusha watu wawili mwenyewe baada ya kusikia wenzake wanavyodai ushahidi.

Kitu kimoja zaidi, ambacho kingeniokoa tangu siku ya kwanza. Kabla ya kutuma karatasi, jaza 3 kila mahali: kila mtu lazima atoke na 3.00. Jaza 5: kila mtu 5.00. Mimi nilipofanya hivyo kwenye karatasi mpya, idara ya stoo ilitoka na 5.00 kama wengine, kwa sababu kugawanya kwa uzito kunaficha kosa la uzito. Kumbe uzito wao ulikuwa umejumlisha 105. Kwa hiyo uzito upe kisanduku chake cha jumla, kiwe chekundu kisipofika 100. Kisha futa alama moja ya mtu mmoja uone karatasi inasema nini. Ikikupa namba badala ya kukukatalia, usitume.

Januari iliyofuata simu ililia usiku, saa mbili. Ni dada wa Kondoa. Bosi wake alikuwa amemfungulia karatasi waangalie pamoja, na kwenye jina lake haikuja namba, limekuja neno HAIJAKAMILIKA.

"Kaka, umeanza tena?"

Nikamwuliza mstari gani uko wazi. Akaangalia. Mafunzo kwa wakulima, safari hii yalifanyika, vijiji vitatu, bosi alikuwa anasubiri orodha za mahudhurio.

"Orodha anazo nani?"

Kimya kidogo. "Ninazo mimi. Ziko kwenye mkoba."